INR iko juu, lakini kaka ana bonge la damu kwenye mshipa wa ini: inawezekanaje?

Mzawa wa Rau (mleta uzi)

Wadau, habari zenu. Naomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limeigawa familia yetu hapa Moshi. Kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 52 na uzito wa kilo 60, anaishi na homa ya ini B kwa muda mrefu, na sasa ini lake limejaa makovu na kusinyaa, na tumbo lina maji kiasi. Majibu yake ya damu yanasomeka hivi: INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, 1.8; chembe sahani 72; albumini 29. Siku zote tumeambiwa kwamba ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, na kwamba kwa kuwa ini limechoka, damu yake ni nyepesi. Hata alipohitaji kung'olewa jino kila mtu aliogopa kumgusa.

Sasa ultrasaundi imeonyesha bonge la damu kwenye mshipa wa pota, yaani ule mkubwa unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini, na daktari anataka kumwanzishia sindano za enoksaparini ili damu isiendelee kuganda. Shemeji amekataa katakata, akisema tunataka kummaliza mumewe. Swali langu ni hili: mtu ambaye damu yake haigandi anapataje bonge, na anawezaje kupewa dawa ya kuzuia damu isigande?

Duka la Dawa Kijenge

Pole sana ndugu, ila shemeji yako ana hoja. INR ya mtu mzima mwenye afya huwa karibu na 1, na 1.8 maana yake ni kwamba damu inachelewa kuganda kwa sababu vigandishi vilivyotakiwa kutengenezwa na ini havitoshi. Kumwongezea enoksaparini mtu wa namna hiyo ni kumsogeza karibu na kutapika damu. Kwa maoni yangu apewe kwanza plazma, hata mifuko minne, INR ishuke chini ya 1.5, ndipo mazungumzo ya sindano yaanze. Bonge lenyewe huenda limetokana na kulala sana kitandani.

Mama Neema wa Pasua

Mimi mama yangu ana vali ya bandia ya moyo na anatumia warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande. Kliniki hutaka INR yake iwe kati ya 2.5 na 3.5, na ikiwa 1.8 huwa wanaongeza dozi. Kwa hiyo kaka yako ni kama mtu ambaye ameshapata nusu ya dozi bila kumeza kidonge. Si angeachwa tu hivyo, bonge likayeyuka lenyewe?

Daktari wa Njiro

Mleta uzi, pole kwa kuuguza. Naomba nijibu taratibu, kwa kuwa majibu mawili yaliyotangulia yana ukweli ndani yake, lakini yote yanaiamini INR kupita uwezo wake.

Ni kweli kwamba vigandishi karibu vyote hutengenezwa na seli za ini: fibrinojeni, prothrombini, kigandishi cha tano, cha saba, cha tisa, cha kumi na vinginevyo. Ini likichoka hushuka karibu vyote, na cha saba ndicho hutangulia, kwa kuwa hudumu ndani ya damu kwa muda wa saa nne hadi sita tu kabla ya nusu yake kutoweka. Ndiyo maana INR hupanda mapema. Kinachosahaulika ni kwamba ini hilohilo hutengeneza pia protini ambazo kazi yake ni kuuzuia mgando usivuke mipaka, nazo ni protini C, protini S na antithrombini. Hizi nazo hushuka. Mgonjwa amepungukiwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kipimo cha INR huona upungufu wa upande mmoja tu.

Juu ya hayo kuna kigandishi cha nane. Hiki hakitoki kwenye seli zile kuu za ini, bali kwenye seli zinazotandika kuta za ndani za mishipa, na katika ugonjwa huu hakishuki hata kidogo, hupanda. Sasa fikirieni kwamba kazi mojawapo ya protini C ni kukizima hicho kigandishi cha nane. Kwa kaka yako, anayezimwa ameongezeka na mzimaji amepungua, na hapo ndipo mwelekeo wa kuganda unapopata nguvu yake kubwa.

Chembe sahani zina habari inayofanana. Zimeshuka hadi 72 kwa sababu bandama limevimba na linazihifadhi nyingi, na pia kwa sababu homoni inayouhimiza uboho kuzitengeneza hutoka kwenye ini. Lakini protini ya Von Willebrand, ambayo huzinasa chembe sahani pale mshipa ulipojeruhiwa, huwa juu sana kwa wagonjwa hawa, na kimeng'enya cha kuikatakata, ambacho nacho hutoka kwenye ini, huwa chini. Chembe chache zilizopo zinanasa vizuri kuliko idadi yake inavyoonyesha.

Mwaka 2005 Armando Tripodi na wenzake wa Milano walifanya jambo rahisi lenye maana kubwa. Walipima kiasi cha thrombini, kimeng'enya kinachotengeneza nyuzi za bonge, ambacho damu ya wagonjwa wenye makovu ya ini inaweza kuzalisha, lakini safari hii wakaongeza ndani ya kipimo ile protini ya ukuta wa mshipa inayoiamsha protini C. Wagonjwa wakaonekana kuzalisha thrombini kwa kiasi kinachokaribiana na cha watu wenye afya, ingawa vipimo vya kawaida vilikuwa vimeharibika. Kwa hiyo, ndugu yangu, kauli kwamba damu ya kaka haigandi haikuwa sahihi tangu mwanzo. Inaganda, ila inasimama mahali pembamba, ambapo jambo dogo linaweza kuisukuma upande wowote.

Fundisanifu wa Maabara

Naongezea kutoka mezani kwangu. Kipimo cha INR hufanyika kwa damu iliyowekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu, ambacho ndani yake kuna sitreti ya kuizuia isigande; uwiano ni sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Tunazungusha kichupa ili plazma ijitenge, tunaichukua, tunaipasha joto hadi nyuzi 37, tunaitia kitendanishi chenye thromboplastini na kalisiamu, kisha tunahesabu sekunde mpaka uzi wa kwanza wa fibrini uonekane. Hesabu inakoma hapo. Wakati huo ni takriban asilimia 5 tu ya thrombini yote ndiyo imezalishwa, na yanayofuata baadaye, ambayo ndiyo mengi, hatuyaoni kabisa. Zaidi ya hayo, ndani ya kichupa hakuna ukuta wa mshipa wa kuiamsha protini C, kwa hiyo awe nayo nyingi au asiwe nayo kabisa, sekunde zitatoka zilezile.

Jambo jingine ni dogo lakini linaharibu majibu kila siku: kichupa kisipojazwa hadi kwenye mstari, sitreti inazidi na INR inatoka juu kwa uongo. Mleta uzi, kama kipimo kitarudiwa, angalia damu imefika mstarini.

Msukuma wa Sakina

Labda natoka nje ya mada, mtanisamehe. Mama yangu mdogo anaishi kando ya ziwa kule Mwanza, ana makovu ya ini yaliyotokana na kichocho, na ametapika damu zaidi ya mara moja. Kila akipimwa, INR yake ni 1.1 au 1.2. Kama INR ndiyo inayoonyesha hatari ya kutapika damu, mbona yeye anatapika na INR nzuri?

Daktari wa Njiro

Hujatoka nje ya mada hata kidogo, umeleta mfano bora kuliko wangu. Mayai ya kichocho husababisha makovu kuzunguka matawi ya mshipa wa pota, lakini seli za ini lenyewe kwa kawaida huendelea kufanya kazi, kwa hiyo vigandishi vinatengenezwa kama kawaida. Kinachopanda ni shinikizo ndani ya mshipa wa pota, na shinikizo hilo huvimbisha mishipa ya umio mpaka mmoja unapasuka. Mama mdogo anatapika damu kwa sababu ya shinikizo. Na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo hata kwa kaka wa mleta uzi: akitapika damu leo, wa kwanza kulaumiwa ni shinikizo, na INR ni shahidi wa mbali.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu wa Kijenge kuhusu plazma. Mifuko minne ni karibu lita nzima ya majimaji yanayoingia kwenye mishipa ambayo tayari imebanwa; shinikizo linaongezeka, na mshipa wa umio uliokuwa umetulia unaweza kupasuka. Wakati huohuo, plazma ina vigandishi na vizuizi vyake kwa pamoja, kwa hiyo uwezo halisi wa kuzalisha thrombini unabadilika kidogo sana. Karatasi ya majibu inapendeza, mgonjwa hafaidiki. Hata kutoa maji ya tumbo kwa sindano hufanyika bila kumpa mgonjwa plazma kwanza, na damu kubwa hutoka kwa nadra sana.

Mama Neema, nimekusoma pia. INR iliwekewa viwango kwa kutumia damu ya watu wanaomeza warfarini, ili maabara mbalimbali zipate jibu moja kwao. Ukichukua damu ya mgonjwa wa ini ukaipima kwenye maabara mbili zenye thromboplastini tofauti, unaweza kupata namba mbili zinazopishana. 1.8 ya mama yako na 1.8 ya huyu kaka hazisemi jambo moja, na hiyo ya kaka haimkingi dhidi ya bonge. Ushahidi tunao: bonge limeshaingia.

Duka la Dawa Kijenge

Daktari, kuhusu plazma nimekuelewa na ninakubali. Lakini hapa kwenye warfarini naona pengo. Warfarini nayo hushusha protini C na protini S, kwa sababu zote mbili hutegemea vitamini K kama ilivyo prothrombini. Ikiwa kushuka kwa pande zote mbili kunaleta uwiano, kwa nini mtu wa warfarini hapati uwiano huohuo na badala yake analindwa?

Daktari wa Njiro

Hoja nzuri sana, na ndiyo sababu siku za mwanzo za warfarini huwa na hatari, kwa kuwa protini C huisha upesi kuliko prothrombini. Dawa ikishatulia, prothrombini inakuwa imeshuka sana huku antithrombini ikibaki kamili na kigandishi cha nane kikiwa cha kawaida, na jumla yake inaelemea upande wa ulinzi. Kwa mgonjwa wa ini, antithrombini imeshuka pamoja na vingine na cha nane kimepanda. Kwa hiyo orodha ya vilivyopungua inafanana nusu tu.

Halafu kuna suala la mahali, ambalo bado sijaligusa. Kwa nini bonge liwe kwenye mshipa wa pota na si mguuni? Ingawa wagonjwa hawa hupata hata ya miguuni na mapafuni, pota ndipo penyewe hasa. Ini lenye makovu huizuia damu kupita, na damu inayofika hapo inapungua kasi, kama maji ya mfongo yanapofika penye tambarare yakaanza kuacha tope. Mpima ultrasaundi aliyezoea hukipima kiwango hicho. Mtiririko ukiwa chini ya sentimita 15 kwa sekunde tunaanza kuwa na wasiwasi. Damu hiyo inatoka kwenye utumbo, ikiwa na mabaki ya bakteria yanayopenya kwa sababu ukuta wa utumbo umedhoofika, na mabaki hayo huziamsha seli za ukuta wa mshipa zitoe kigandishi cha nane na Von Willebrand palepale. Mtiririko mzito na uchokozi wa ukuta vinakutana mahali pamoja.

Mzawa wa Rau

Asanteni sana, nimemsomea shemeji uzi wote na angalau sasa anasikiliza. Niongeze taarifa. Alichomwa vitamini K miligramu 10 kwa siku tatu, na INR ikatoka 1.9 hadi 1.8 tu. Hana homa, figo zake tumeambiwa ni nzuri, na hajawahi kutapika damu. Kuna lolote la kusubiri kabla ya sindano?

Daktari wa Njiro

Jibu hilo la vitamini K linafaa. Kama nyongo ingekuwa imeziba au angekuwa hali chakula cha kutosha, upungufu wa vitamini hiyo ungechangia, na INR ingeshuka kwa kiasi kikubwa ndani ya siku moja au mbili. Kutobadilika kwake kunaonyesha kwamba malighafi ipo ila watengenezaji ndio hawapo.

Ningetaka mambo mawili yafanyike, tena haraka, kwa sababu bonge jipya hufunguka kwa urahisi kuliko lililokaa miezi mingi. La kwanza ni kuhakikisha kwamba hilo ni bonge la damu kweli. Mwenye homa ya ini B anaweza kupata saratani ya ini, na saratani hiyo hupenda kuingia ndani ya mshipa wa pota na kujifanya bonge. Apimwe AFP, kipimo cha damu cha kuitafuta saratani hiyo, na afanyiwe siti skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa: kilichomo ndani ya mshipa kikipokea dawa hiyo kwenye awamu ya ateri, na mshipa ukiwa umetanuka, basi kina mishipa yake chenyewe na ni uvimbe. Enoksaparini haiutibu uvimbe. La pili ni kamera ya kuangalia umio. Mishipa mikubwa ikikutwa ifungwe kwa mipira au aanzishiwe vidonge vya kushusha shinikizo hilo, propranololi au kavediloli, lakini sindano isicheleweshwe majuma mengi kwa kusubiri hayo.

Kwa kilo 60 na figo nzima, dozi ya kawaida ni miligramu 60 kila baada ya saa 12, na daktari wake ndiye wa kuithibitisha.

Mfugaji wa Kibosho

Samahani, mimi baba yangu alikuwa mnywaji wa mbege na baadaye pombe kali, akafa kwa ugonjwa wa ini miaka iliyopita. Siku za mwisho alivuja damu kwenye kila tundu la sindano, polepole, hata saa kadhaa baada ya kuchomwa, na ufizi pia. Yeye hakuwa na bonge lolote. Kwa hiyo msiseme damu ya wagonjwa hawa inaganda tu. Na mbona hakuna aliyetaja dawa ile ya traneksamiki, inayotolewa kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua?

Daktari wa Njiro

Pole sana kwa kumpoteza mzee. Ulichokiona ni halisi na sikukusudia kukikana. Uwiano niliousema huvunjika, hasa maambukizi yanapoingia, kwa mfano bakteria kwenye maji ya tumbo, au figo zinapofeli, na huweza kuvunjika kuelekea kwenye kuvuja. Kuvuja kwa namna uliyoieleza, kunakochelewa na kujitokeza kwenye matundu ya zamani, mara nyingi kunatokana na mabonge kuyeyushwa kabla hayajakomaa, kwa kuwa ini lililochoka halikisafishi vizuri kichocheo cha kuyeyusha, na fibrinojeni nayo inakuwa imeisha. Kipimo cha kuomba hapo ni fibrinojeni, kwa kuwa INR haitakuambia mengi.

Traneksamiki ingeweza kufikiriwa katika hali ya baba yako. Kwa kutapika damu ni tofauti: utafiti mkubwa wa HALT-IT, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 wenye kuvuja damu tumboni, haukuonyesha kupunguza vifo, na waliopewa dawa walipata mabonge ya mishipa ya vena kwa wingi zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Mshipa uliopasuka kwa shinikizo hauzibwi kwa kuongeza mgando.

Fundisanifu wa Maabara

Daktari, ninaomba kutofautiana nawe kidogo. Umetoa dozi kwa uzito bila kutaja ufuatiliaji. Kuna kipimo cha kiwango cha dawa yenyewe kwenye damu, anti-Xa, na kwa mgonjwa dhaifu kama huyu ningeona kinafaa pale kinapopatikana.

Daktari wa Njiro

Wasiwasi wangu ni kwamba enoksaparini hufanya kazi kupitia antithrombini, na yake iko chini, kwa hiyo anti-Xa husoma kiwango kidogo kuliko athari iliyopo mwilini. Daktari asiyelijua hilo ataongeza dozi na kumvujisha mgonjwa.

Fundisanifu wa Maabara

Hilo ni kweli kwa anayetafuta namba ya kuongezea dozi. Mimi natafuta namba ya kupunguzia, figo zikianza kusuasua na dawa ikajilimbikiza. Hapo bado naona kina kazi.

Daktari wa Njiro

Kwa sababu hiyo moja nakubali, ingawa ningetanguliza kipimo cha figo cha kreatinini kila wiki, ambayo inapatikana kila mahali.

Duka la Dawa Kijenge

Swali la mwisho kutoka kwangu. Sindano mbili kwa siku ni mzigo mkubwa wa gharama na maumivu. Kwa nini asipewe vidonge vya rivaroksabani au apiksabani? Na atachomwa hadi lini?

Daktari wa Njiro

Vidonge hivyo huvunjwavunjwa kwa sehemu na ini, na rivaroksabani haishauriwi kwa mwenye albumini 29 na maji tumboni, kwa kuwa hujikusanya mwilini. Apiksabani ina nafasi kidogo zaidi, lakini kwa tahadhari, na madaktari hawajaafikiana kuhusu wagonjwa wa kiwango hiki. Warfarini nayo ina tatizo ambalo uzi huu umelieleza tayari: anayeanza na INR 1.8 utamlenga wapi?

Kuhusu muda, ultrasaundi irudiwe baada ya miezi mitatu, na tiba iende angalau miezi sita. Mshipa ukifunguka, wapo wanaoacha na wapo wanaoendelea, kwa sababu bonge hurudi kwa wengi wanaoacha. Mimi naelemea kuendelea, mradi chembe sahani zisishuke chini ya 50, ambapo kila mgonjwa hupimwa kwa hali yake. Mzawa wa Rau, je, kaka anatumia tenofoviri, dawa ya kudhibiti virusi vya homa ya ini B? Hujaitaja popote.

Mzawa wa Rau

Alianza, akaacha alipojisikia nafuu. Kamera ni Jumatano, na siti skani tumepangiwa wiki hiyohiyo. Shemeji amekubali sindano baada ya kamera.

Daktari wa Njiro

Airudie tenofoviri kesho asubuhi, msisubiri Jumatano, na asiiache tena hata akijisikia mzima. Virusi vikidhibitiwa, ini linaweza kurudisha sehemu ya kazi yake ndani ya miezi kadhaa, albumini ikapanda, na hapo hata suala la vidonge tunaweza kulifungua upya. Na kuanzia siku ya sindano ya kwanza, akiona choo cheusi kama lami, akipata homa, au akianza kuchanganya maneno, aletwe hospitali usiku huohuo.